Mstari Uliokatwa, Mstari Uliofifia: Namna ya Kuisoma Picha ya Risiti

Picha ya risiti ikitumwa kwenye kundi la kamati ya ujenzi, haikawii kuzaa orodha tatu. Mweka hazina anaandika vitu vinne. Katibu anaandika vitano. Fundi aliyekwenda dukani anashikilia kwamba kimoja kilikatwa na kingine hakisomeki, basi wasubiri. Wote wanaangalia picha ileile na wote wanajua kujumlisha. Baada ya hapo zinaanza tuhuma, kwa sababu michango ya watu ikipishana kwa shilingi elfu tisa, wa kwanza kuulizwa ni yule aliyeshika hela.

Mkanganyiko huu una chanzo kinachojulikana. Kuibadili picha kuwa mistari ya bidhaa, idadi na bei kunabeba kazi mbili ambazo watu huzifanya kwa mkupuo mmoja: kusoma kilichoandikwa, na kuamua kilicholipiwa. Risiti ikiwa safi, kazi hizo mbili zinatoa jibu moja na hakuna anayeona tofauti. Ukiingia mstari uliokatwa au uliofifia, majibu yanaachana, na kila mtu anachagua lake kimyakimya.

Risiti mbili za ununuzi mmoja

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi nchini Tanzania, kwa kuwa huko ndiko tatizo linakoonekana wazi kuliko kwenye supamaketi. Mnunuzi mara nyingi hutoka na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya mkono, iliyochanwa kwenye kitabu cha karbon, yenye vitu vyote kimoja kimoja. Ya pili imetoka kwenye mashine ya EFD, ndiyo inayotambuliwa na TRA, lakini muuzaji mwenye haraka huenda ameingiza jumla tu chini ya neno kama VIFAA.

Hivyo karatasi yenye nguvu ya kisheria inaweza kukosa maelezo, na yenye maelezo ikakosa nguvu. Anayefanya marejesho ya masurufu anazihitaji zote mbili. Ya mkono inampa mistari. Ya mashine inampa jumla, tarehe, kodi, na namba ya uhakiki inayoweza kuangaliwa kwenye tovuti ya TRA. Mengi yanayobishaniwa kwenye makundi ya simu yangeisha kama karatasi zote mbili zingepigwa picha pamoja, zimelazwa sambamba. Kwa kawaida inatumwa moja tu, tena ile iliyokuwa juu mfukoni.

Kufifia kwa namna tatu

Maandishi yaliyofifia hayafanani, na ukijua sababu ya kufifia unajua pia ni tarakimu ipi ya kutilia shaka.

Karatasi ya EFD haina wino. Ina tabaka la kemikali linalogeuka jeusi likiguswa na joto la kichwa cha mashine. Kemikali hiyo inaweza kurudi nyuma: mwanga wa jua, mafuta ya mikono na mifuko ya plastiki laini hufuta maandishi taratibu, na joto la dashibodi ya gari huweza kuitia karatasi nzima weusi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano, muda ambao karatasi hiyo, ikitunzwa ovyo, haiwezi kuufikisha. Ndiyo maana picha ipigwe siku ileile. Kuna wanaoipasha risiti moto ili karatasi iwe nyeusi na maandishi yaliyofutika yabaki meupe. Wakati mwingine inafanya kazi, ila ukishaipasha hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo jambo hilo lisifikiriwe kabla ya kupiga picha nzuri.

Kufifia kwa pili kunatokana na mashine yenyewe. Kichwa cha mashine ndogo ya karatasi ya milimita 58 kwa kawaida kina vitone vya joto 384 vilivyopangwa kwa safu, na kila herufi inachukua 12 kati yake. Kitone kimoja kikifa, unaachwa mstari mweupe mwembamba unaoshuka risiti nzima kutoka juu hadi chini. Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Kwa kuwa bei zimepangwa safu moja, mstari huo mweupe unapita kwenye tarakimu ya nafasi ileile katika kila bei. Ukila ubavu wa kushoto wa 8, inabaki kama 3. Kosa linajirudia mstari baada ya mstari, na kwa kuwa limejirudia linaonekana kama ukweli. Ukiona upenyo mweupe wa wima, usiiamini safu hiyo hata kama kila tarakimu inaonekana safi. Weupe ukiwa wa mlalo, yaani mistari mizima imepauka kisha mingine imekolea, tatizo kwa kawaida ni betri, na tarakimu zenyewe hazikubadilika umbo.

Kufifia kwa tatu ni kwa nakala ya karbon. Mkono uliokandamiza kidogo umeacha alama hafifu, na karbon iliyochoka imeacha nusu ya herufi. Lakini kalamu huacha pia bonde kwenye karatasi. Ukiilaza karatasi karibu na dirisha ili mwanga uje kutoka ubavuni, ukapiga picha bila flashi, mabonde hayo hutoa vivuli na tarakimu iliyopotea inaweza kusomeka. Flashi hupiga moja kwa moja kutoka mbele, inavifuta vivuli vyote. Kwenye karatasi ya EFD yenye mng'ao ndiyo kabisa, inaacha doa jeupe katikati ya jumla.

Kukatwa kuna maana zaidi ya moja

Hapa ndipo mabishano yanapokolea. Mstari uliopigwa kalamu juu yake huchukuliwa kuwa umefutwa. Kwenye maduka, mkato huo una angalau maana tatu.

Unaweza kuwa ni kufutwa kweli: mnunuzi amebadili nia au bidhaa imekwisha. Unaweza kuwa ni kusahihishwa: bei ya zamani imekatwa na mpya imeandikwa juu yake au pembeni, na bidhaa bado imenunuliwa. Na unaweza kuwa ni alama ya mtunza stoo, ambaye hukata kila kitu kinapopakiwa kwenye gari ili asirudie. Kwa huyu wa tatu, mstari uliokatwa ndio ulio salama kuliko yote, kwa sababu kitu kimeshatoka. Mhasibu anayeufuta ameondoa kwenye hesabu bidhaa iliyolipiwa na kupokelewa.

Dalili za kutenganisha maana hizi zipo kwenye karatasi. Kalamu ya rangi tofauti na ile ya muuzaji inaashiria mtu mwingine, mara nyingi stoo. Mikato kwenye mistari yote au karibu yote ni ya upakiaji, maana hakuna anayefuta ununuzi wote kisha akalipa jumla. Mkato unaopita juu ya bei tu na kuliacha jina la bidhaa ni marekebisho. Halafu ipo nakala ya karbon inayobaki kwenye kitabu cha muuzaji, na hii ni shahidi mzuri kuliko wote. Mkato uliofanywa kabla ya karatasi kuchanwa umepenya hadi kwenye nakala. Uliofanywa baadaye, njiani au stoo, haumo. Kumwomba muuzaji atume picha ya nakala yake ni kazi ya dakika chache, lakini watu hubishana siku mbili kabla ya kuikumbuka.

Kuna pia mkato wa bandia. Wengi huandika 7 kwa kuikata katikati kwa kistari kifupi. Picha ikiwa na ukungu, 17,000 huonekana kama bei iliyofutwa. Linganisha na 7 nyingine za mwandishi huyohuyo kabla ya kuhukumu.

Kambi tatu

Kuna misimamo mitatu kuhusu namna orodha inavyopaswa kuandikwa, na kila mmoja una watu wake.

Wa kwanza unasema nakili kila kilichopo, kilichokatwa kikiwemo. Huu ni msimamo wa wakaguzi. Nguvu yake ni kwamba haupotezi ushahidi: miezi sita baadaye, anayeuliza kama waya ulinunuliwa ataona kwamba uliandikwa kisha ukakatwa. Udhaifu wake ni kwamba orodha haijumlishiki. Ukiibandika kwenye jedwali na kujumlisha safu, unapata zaidi ya kilicholipwa, na msomaji asiye mkaguzi anadhani fedha zimepotea.

Wa pili unasema andika kilicholipiwa tu. Ndio msimamo wa waweka hazina, na una mantiki: orodha ni ya matumizi, na kisicholipiwa si matumizi. Inajumlishika na inasomeka. Tatizo ni kwamba mwandishi amekuwa hakimu bila kuandika hukumu. Akikosea mkato wa stoo kwa mkato wa kufuta, kosa halionekani mahali popote, kwa kuwa mstari wenyewe umetoweka.

Wa tatu unasema pasiposomeka, jaza kwa hesabu. Jumla ipo, mistari mingine ipo, kwa hiyo kilichobaki ndicho kilichofifia. Msimamo huu unavutia kwa sababu mara nyingi unatoa jibu sahihi. Lakini unategemea mambo mawili ambayo maduka yetu hayaahidi. Muuzaji awe amejumlisha sawasawa, na asiwe ametoa punguzo. Punguzo la maneno, ambalo muuzaji hulitoa mwishoni kwa kuishusha jumla bila kuliandikia mstari, huharibu hesabu hiyo yote: linamezwa na mstari uliofifia, na bei ya bidhaa hiyo inatoka ndogo kuliko ilivyokuwa.

Risiti moja, mstari kwa mstari

Tuijaribu misimamo hiyo kwenye risiti ya mfano. Imeandikwa kwa mkono, na picha yake inaonyesha hivi:

```
Saruji          10   17,000   170,000
Nondo mm 12      6   24,000   144,000
Waya wa kufunga  2    4,500     9,000   (umekatwa)
Misumari in. 4   3    4,000    12,000
R...             .    ......    .5,000  (umefifia)
JUMLA                         341,000
```

Kwanza unahakiki kila mstari unaosomeka peke yake, idadi mara bei. Saruji 10 kwa 17,000 ni 170,000. Nondo 6 kwa 24,000 ni 144,000. Misumari 3 kwa 4,000 ni 12,000. Hatua hii hurukwa na wengi, ilhali ndiyo inayogundua 1 iliyosomwa kama 7. Mistari hii mitatu inafanya 326,000.

Kisha unaiuliza jumla kuhusu mkato. Ikiwa waya haumo, uliofifia ni 341,000 kutoa 326,000, yaani 15,000. Ikiwa waya umo, tunafika 335,000 na uliofifia unabaki 6,000. Kwenye karatasi, kilichosalia cha bei hiyo ni 5 ikifuatwa na sifuri tatu. Elfu sita haiwezi kuacha alama hiyo. Elfu kumi na tano inaiacha. Basi jumla na alama zinakubaliana kwamba waya ulifutwa, na kwamba jumla iliandikwa baada ya kufutwa.

Kambi ya tatu ingeishia hapo na kuandika 15,000. Subiri kidogo. Tuseme mstari uliofifia ulikuwa 25,000 na muuzaji akapunguza 10,000. Jumla ingekuwa 351,000, mnunuzi akalipa 341,000, na alama ya 5 na sifuri tatu ingekuwepo vilevile. Hesabu peke yake haiwezi kuchagua kati ya hadithi hizi mbili. Kinachochagua ni karatasi: unaipiga picha kwa mwanga wa ubavuni na kuangalia nafasi iliyo kabla ya 5. Kama kuna mchirizi mmoja wima, ni 1. Kama kuna mkunjo juu na mguu chini, ni 2. Kwenye mfano wetu tuseme umeonekana mchirizi. Sasa 15,000 ina mashahidi wawili, hesabu na wino.

Risiti ya EFD inaongeza wa tatu, japo kwa jambo moja tu. Bei za dukani zikiwa zimejumuisha VAT ya asilimia 18, kodi iliyomo kwenye 341,000 ni jumla hiyo mara 18 gawa kwa 118, yaani 52,016.95. Risiti ya mashine ikionyesha kodi hiyo, jumla imethibitika hata kama tarakimu zake za katikati zimepauka. Haisemi chochote kuhusu waya wala kuhusu R.

Sasa angalia kilichobaki bila jibu. Idadi haijulikani. Kimoja cha 15,000 na vitatu vya 5,000 vinatoa fedha ileile. Jina nalo ni R tu. Mzoefu wa ujenzi ataona R kwenye orodha kama hii na kusema rangi, na huenda yuko sahihi, lakini rangi hiyo imetoka kichwani mwake. Haikutoka kwenye karatasi. Mstari unaoandikwa kwa haki ni huu wa mwisho:

```
bidhaa | idadi | bei | jumla | hali
Saruji | 10 | 17000 | 170000 | sawa
Nondo mm 12 | 6 | 24000 | 144000 | sawa
Waya wa kufunga | 2 | 4500 | 9000 | umekatwa, haumo kwenye jumla
Misumari in. 4 | 3 | 4000 | 12000 | sawa
R? | ? | ? | 15000 | umefifia: 1 hafifu, 5000 wazi, jumla inakubali
```

Mambo madogo mawili kuhusu umbo hilo. Safu zimetenganishwa kwa kistari cha wima na namba hazina mkato, kwa sababu mkato wa 17,000 huipasua bei kuwa safu mbili unapoingiza orodha kwenye jedwali. Na alama ya /= inayofuata bei zetu imeachwa, maana mara kwa mara husomwa kama 1 na kuigeuza 4,500 kuwa 45,001.

Programu zinafika wapi

Wapo wanaodai mjadala wote huu umepitwa na wakati, simu inasoma. Kwa risiti za mashine, kwa kiasi kikubwa ni kweli. Tesseract, programu ya bure iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, husoma maandishi ya EFD vizuri picha ikiwa imenyooka. Ikiachwa ijipangie, hata hivyo, huweza kuona majina kuwa safu moja ya maandishi na bei kuwa safu nyingine, ikasoma majina yote kwanza na bei zote baadaye. Kuiambia kwamba risiti ni kipande kimoja kunapunguza tatizo hilo:

```
tesseract risiti.png risiti -l swa+eng --psm 6 tsv
```

Neno la mwisho linalipa kila neno lililosomwa alama ya uhakika hadi 100, nayo inasaidia kuchagua mistari ya kurudia kwa macho. Isichukuliwe kuwa kipimo cha ukweli. Inahusu umbo la herufi, na ile 8 iliyokatwa ubavu ikawa 3 safi inaweza kupata alama ya juu. Kwa maandishi ya mkono programu hii haikutengenezwa, na mkato haiujui kabisa: neno lililokatwa hutoka kama herufi za ajabu, au hutoka safi kana kwamba halikukatwa.

Programu mpya zaidi, zinazosoma picha kwa kukisia kutokana na maana, zinamudu mwandiko. Kosa lao ni lile la fundi mzoefu: zikiona R kwenye orodha yenye saruji na misumari zinaandika Rangi, zinaongeza idadi 1 na bei 15,000, na mstari unatoka mnyoofu kuliko yote kwenye orodha. Aliyeipokea orodha hiyo bila picha hana njia ya kujua kwamba maneno matatu kati ya manne hayakuwepo. Mtihani wa programu ya aina hii ni rahisi: ipe risiti ambayo wewe mwenyewe umefunika mstari mmoja kwa kidole. Ikiujaza, usiipe risiti za kamati.

Msimamo upi ushikwe

Nikizipima kambi hizo, ya tatu naiondoa kama njia ya kuandika na kuibakiza kama njia ya kuhakiki. Hesabu iruhusiwe kukubali au kukataa kilichoonekana. Isiruhusiwe kuandika kisichoonekana bila kusema kwamba ni yenyewe iliyoandika.

Kati ya mbili zilizobaki, naegemea kwa wakaguzi, na udhaifu wao unatibika kwa safu moja ya ziada, ile ya hali. Mstari uliokatwa unabaki kwenye orodha na hali yake inasema haujajumlishwa, kwa hiyo mweka hazina anachuja na kupata orodha yake ya matumizi bila kumfutia mkaguzi ushahidi. Gharama ipo: kuandika hali kunachukua muda, na mwenye risiti mia mbili za mwezi hawezi kuichunguza kila moja kwa mwanga wa dirishani. Huyo aanze na hesabu ya kila mstari na ya jumla, aziachie zile zinazokubali, na macho ayapeleke kwenye zile zinazokataa au zenye mkato. Atapoteza mapunguzo machache yaliyojificha. Ni hasara inayovumilika.

Lisilovumilika ni kujaza idadi na jina la kubuni ili safu isibaki na pengo. Mweka hazina akiletewa mstari wenye alama ya kuuliza, asiurudishe kwa fundi akidai ukamilishwe. Ampigie muuzaji simu, aombe picha ya nakala ya karbon, na kama kitabu kimeshapotea, auache mstari na alama yake.